Chumvi Laini, ya Chenga au ya Mawe: Ipi ya Chunguni, Ipi ya Mezani, Ipi ya Samaki

Maswali ya chumvi yanayonifikia ni yale yale. Mmoja anauliza kama anaweza kumpaka samaki chumvi ya mezani kwa kuwa ndiyo iliyopo ndani. Mwingine amenunua chumvi ya mawe yenye rangi ya waridi na anataka kujua kama ina madini joto. Wa tatu amefuata vijiko vya chumvi kama alivyoelekezwa, na mchuzi hauliki. Nayajibu yote hapa. Ya jikoni na mezani nitayapitia upesi, hayana mengi. Ya samaki yatachukua nafasi kubwa, kwa sababu huko ukikosea chumvi unatupa samaki wote, au mbaya zaidi unamla na kuumwa.

Chumvi tatu, na kinachozitofautisha

Chumvi laini yenye madini joto ni ile ya punje ndogo kavu, iliyotiwa iodini kiwandani. Mara nyingi huwa na kitu kidogo cha kuizuia isigande. Chumvi ya chenga ina punje kubwa zinazoonekana moja moja, na nyingi hutokana na maji ya bahari yaliyokaushwa juani. Chumvi ya mawe huchimbwa ardhini, ikauzwa kwa mabonge au vipande. Wauzaji wengine huita chenga kubwa za bahari chumvi ya mawe, kwa hiyo soma mfuko kabla hujalipa.

Kwa uzito, zote tatu zina ukali unaokaribiana sana, maana karibu yote iliyomo ni kitu kimoja. Kwa kijiko hazilingani hata kidogo. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kikiwa kimesawazishwa, kina gramu 6 hivi. Punje kubwa huacha nafasi katikati yake, kwa hiyo kijiko kile kile cha chenga hubeba pungufu, pengine gramu 4. Aliyeelekezwa vijiko vitatu vya chenga akaweka vitatu vya chumvi laini ameongeza nusu nzima ya chumvi bila kujua. Nunua mizani ndogo ya jikoni na tatizo hilo limekwisha.

Iodini ni suala la pekee, wala halifuati ukubwa wa punje. Iko chumvi ya chenga iliyotiwa madini joto na iko chumvi laini isiyotiwa; kinachokuambia ukweli ni maandishi ya mfuko. Chumvi ya mawe kwa kawaida haina iodini ya kutosheleza mahitaji ya mwili. Ile rangi ya waridi hutokana na chuma kidogo sana, na haikuongezei lolote la maana.

Chunguni na mezani

Kwa upishi wa kila siku tumia yenye madini joto. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito 250, na kwa familia nyingi chumvi ndiyo njia rahisi ya kuipata. Unyevu, mwanga na joto huipunguza, kwa hiyo ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Usiwe na wasiwasi kupita kiasi, kwani hata ikichemka sehemu yake hubaki.

Chenga zinafaa pale penye maji ya kutosha na muda wa kuyeyuka, kama supu au maji ya kuchemshia. Usionje papo hapo. Koroga, subiri dakika chache, kisha onja. Wanaozidisha chumvi kwa kutumia chenga wengi wao huonja kabla hazijayeyuka, wakaongeza nyingine. Bonge la chumvi ya mawe usilitupe chunguni kama lilivyo. Liyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, liache litulie, kisha mimina maji ya juu na ubakize mchanga chini. Utashangaa mchanga ulivyo mwingi kwenye baadhi ya mabonge.

Mezani weka chumvi laini. Hushika chakula sawasawa, huyeyuka mara moja, wala haivunji jino la mtu. Kiasi ndicho cha kuangalia: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ikiwa ni pamoja na ile iliyokwisha kuingia kwenye chakula. Hicho ni kijiko cha chai kisichojaa, kwa siku nzima.

Sasa tuje kwa samaki.

Kwa nini chumvi laini peke yake humharibu samaki

Chumvi laini ikimgusa samaki huyeyuka upesi na kuvuta maji ya juu ya nyama kwa nguvu. Ngozi ya juu ya nyama hiyo hukaza, na ikishakaza chumvi inayofuata hupenya kwa shida. Kwa nje utaona samaki mkavu, mgumu, wa kuvutia. Karibu na mfupa nyama bado mbichi na imeanza kuoza. Punje za chenga huyeyuka polepole, huendelea kulisha chumvi kwa siku kadhaa, na hutenganisha kipande na kipande ili maji yapite.

Lakini nazo zikizidi ukubwa ni hatari ya upande mwingine. Bonge la chumvi ya mawe likilazwa juu ya samaki hukaa saa nyingi bila kuyeyuka, na penye joto samaki hawasubiri. Ndiyo maana napendekeza mchanganyiko: chenga nyingi na chumvi laini kidogo. Laini huanza kazi dakika ile ile, chenga huimaliza. Chumvi laini yenye madini joto haina tatizo hapa, kwani iodini haimwozeshi samaki. Ila usitegemee samaki huyo akupe iodini, maana nyingi itamwagwa pamoja na maji.

Chumvi ya mawe iliyotwangwa hadi kufikia ukubwa wa chenga inafaa vizuri, na ina faida moja isiyosemwa sana. Chumvi ya bahari iliyokaushwa juani huweza kubeba bakteria wanaopenda chumvi, wale wanaomgeuza samaki wa chumvi kuwa mwekundu. Chumvi ya mgodini kwa kawaida haina bakteria hao. Kama samaki wako huwa wekundu kila mara, jaribu hiyo.

Utakavyohitaji

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: kilo 3 za samaki, uzito wa baada ya kutolewa utumbo na kichwa.

- Samaki wabichi kabisa, nyama isiyozidi sentimita 2 unene wakishapasuliwa. Anza na samaki wasio na mafuta mengi.
- Chumvi kilo 1: gramu 800 za chenga na gramu 200 za chumvi laini.
- Ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula, yenye kifuniko. Usitumie debe wala sufuria ya chuma. Kutu humtia samaki rangi ya kahawia.
- Sahani inayoingia ndani ya ndoo, na chupa safi ya lita 2 iliyojaa maji ya kuigandamiza.
- Mizani, kisu kikali, wavu wa kuzuia nzi, na kichanja cha kuanikia kilichoinuka kutoka ardhini.
- Mahali pa baridi. Friji ikiwepo, tumia friji.

Kwa nini theluthi ya uzito wa samaki? Kilo 3 za samaki zina karibu lita 2.25 za maji. Lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 360 za chumvi kisha hukataa nyingine. Kwa hiyo maji yote yaliyomo mwilini mwa samaki hao yanaweza kumeza gramu 810 hivi, na katika kilo yako hubaki gramu 190 zisizoyeyuka. Masalio hayo unayahitaji. Ukiona chumvi bado imelala chini ya ndoo siku ya mwisho, unajua maji yalishiba.

Hatua

1. Mkague samaki kabla ya chochote. Macho yawe maangavu, matamvua mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Chumvi haimfufui samaki aliyeanza kuoza. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu inayoleta uso mwekundu, kichwa kuuma na mapigo ya moyo kwenda mbio. Sumu hiyo haiondolewi na chumvi, moto wala kukausha. Samaki wa aina hiyo kama hujui alikaa wapi tangu avuliwe, usimtie chumvi.

2. Mpasue na umsafishe. Toa magamba, kichwa, matamvua na utumbo wote. Mpasue kwa mgongoni umfungue kama kitabu, tumbo likibaki limeshika. Pembeni mwa uti wa mgongo kuna mstari wa damu nyeusi. Ukwangue wote kwa ncha ya kisu, maana hapo ndipo harufu huanzia. Nyama ikizidi sentimita 2, ichanje mistari kila baada ya sentimita 2 hivi, ikaribie ngozi bila kuitoboa.

3. Mwoshe, mchuje, ndipo umpime. Maji safi ya baridi, kisha mwache achuruzike nusu saa mahali pa baridi. Uzito wa sasa ndio wa kuhesabia chumvi. Ukimpima na kichwa na utumbo, hesabu yote imeharibika.

4. Paka chumvi laini. Zile gramu 200 zigawe kwa samaki wote. Zisugue ndani: juu ya mstari wa mfupa, ndani ya michanjo, tumboni. Upande wa ngozi gusia tu, maana chumvi hupita huko kwa taabu.

5. Panga ndooni. Tandaza chenga chini hadi plastiki isionekane. Laza samaki ngozi chini, nyama juu. Mwaga chenga, weka nyingi kwenye nyama nene na chache mkiani. Tabaka la pili, la tatu, hivyo hivyo. Tabaka la mwisho tu ndilo ligeuzwe, ngozi juu. Chenga zilizobaki zimalizie hapo.

6. Gandamiza na ufunike. Sahani juu, chupa ya maji juu ya sahani, kifuniko. Baada ya saa chache utaona maji yakipanda. Kesho yake yawe yamewafunika samaki wote. Yasipofika, chemsha lita moja ya maji na gramu 360 za chumvi, yaache yapoe kabisa, kisha ongeza mpaka wazame. Usiongeze maji matupu.

7. Subiri siku 4, ukiwapindua siku ya 2. Waliokuwa juu waende chini. Angalia chumvi iliyolala. Ikiwa imeisha, ongeza viganja viwili vya chenga.

8. Kata ujaribu. Chukua samaki mnene kuliko wote, umkate kwenye nyama ya bega mpaka mfupani. Aliyeiva ana rangi moja kutoka ngozini hadi mfupani, inayong'aa kidogo kama inaachia mwanga, na nyama yake ni ngumu. Ukiona katikati kuna ukanda mwekundu au mweupe laini wa nyama mbichi, warudishe wote siku 2 zaidi.

9. Waoshe haraka na uanike. Wachovye kwenye maji yaliyoshiba chumvi ili punje za juu ziondoke, wachuje, kisha waanike kwenye kichanja penye upepo, wamefunikwa wavu. Siku ya kwanza iwe kivulini. Jua kali likimpiga samaki aliyelowa, nyama ya juu hupikika na kufungia maji ndani.

10. Waingize ndani kila jioni. Chumvi huvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, na usiku hilo ni jambo la kawaida. Samaki aliyeachwa nje hurudisha maji yote aliyopoteza mchana. Wapange kwa rundo, weka uzito juu, funika. Mgandamizo huo huleta maji ya ndani juu ya nyama, kesho yake upepo uyachukue.

11. Jua pa kuishia. Bonyeza kidole gumba kwenye nyama nene kuliko zote. Kikiacha shimo, bado. Kisipoacha, amekauka. Huchukua siku 3 hadi 6 kulingana na hewa, na utabaki na karibu nusu ya ule uzito ulioanza nao.

Samaki wa mafuta mengi hatua za kuanika haziwafai. Mafuta yao yakikutana na hewa hugeuka manjano na kuchacha. Waache ndani ya maji yao ya chumvi, wamezama kabisa, ndoo ikiwa imefungwa na imewekwa pa baridi.

Makosa yanayojirudia

Kosa kubwa ni kubana chumvi. Mtu anaona kilo nzima kwa kilo 3 za samaki ni ufujaji, anaweka robo kilo, kisha anaacha nje siku nne. Hapo hajamhifadhi samaki, amemkolezea tu viungo, na vijidudu hatari bado vina nafasi ya kukua. Kama unataka samaki wa chumvi kidogo inawezekana, ila huyo ni wa kukaa kwenye friji na kuliwa ndani ya siku chache.

La pili ni kupima maji ya chumvi kwa yai. Yai huelea mapema sana, maji yakiwa na chumvi kama sehemu moja kati ya kumi, ilhali maji yaliyoshiba yana zaidi ya robo. Anayeridhika yai likielea ameishia njiani. Kipimo cha kuaminika ni chumvi inayokataa kuyeyuka hata ukikoroga.

La tatu ni kutumia tena chumvi au maji ya samaki wa awamu iliyopita. Yana damu, yana vipande vya nyama, na kama kulikuwa na bakteria wekundu umewahamisha wenyewe. Yamwage, mbali na bustani.

Na usichanganye magadi na chumvi ya mawe, hasa ukinunua mabonge yasiyo na mfuko. Magadi ukiyaonja huacha uchungu kama wa sabuni na huteleza kati ya vidole vilivyolowa.

Unapomtoa kupika

Mloweke saa 12 hadi 24 ndani ya friji, ukibadilisha maji mara tatu au nne. Kata kipande kidogo cha sehemu nene, kichemshe, ukionje. Hapo ndipo uamue kama chungu kinahitaji chumvi. Mara nyingi hakihitaji hata chembe. Mwenye shinikizo la damu ambaye daktari amemwambia apunguze chumvi asihesabu kwamba kuloweka kumeimaliza yote.

Kikienda kombo

*Maji hayapandi hata baada ya siku nzima.* Ama chenga zako ni kubwa mno, ama hukugandamiza. Ongeza maji yaliyoshiba chumvi kama kwenye hatua ya 6, na safari nyingine twanga chenga au ongeza sehemu ya chumvi laini.

*Nje mgumu, mfupani ananuka.* Chumvi laini imezidi au nyama ilikuwa nene bila kuchanjwa. Huyo hatibiki, mtupe.

*Utando mwekundu au wa waridi juu ya nyama.* Ni wale bakteria wa chumvi ya bahari, na hupenda joto. Ukiwa na harufu mbaya au nyama imelegea, tupa samaki pamoja na chumvi. Osha ndoo, kichanja na kisu kwa maji ya moto kabla ya awamu inayofuata, la sivyo watarudi.

*Madoa madogo ya kahawia au meusi kama vumbi.* Hiyo ni kuvu, huja samaki akihifadhiwa penye unyevu. Yakiwa machache juu juu, yasugue kwa brashi kavu, anika tena, uhamishie samaki pakavu. Yakiwa yameingia ndani ya nyama, usimle.

*Nyama nyeupe sana, ngumu, yenye uchungu kidogo.* Chumvi yako ina kalisi na magnesi nyingi, jambo la kawaida kwa chumvi ya bahari isiyosafishwa. Samaki analika, lakini chumvi ya aina hiyo hupenya polepole, kwa hiyo mwongezee siku 2 ndooni au badilisha chumvi. Utaitambua kabla hujaitumia: mfuko ukiachwa wazi, chumvi hiyo hulowa na kutoa maji upesi kuliko nyingine.

*Rangi ya manjano na harufu ya mafuta ya zamani.* Samaki alikuwa wa mafuta na alianikwa. Kuloweka hakuiondoi harufu hiyo.

*Alikuwa mkavu, sasa amelowa kabatini.* Unyevu wa hewa umemrudia. Kama harufu ni nzuri na hana utando, mwanike siku moja penye upepo, kisha umfunge kwa karatasi ndani ya sanduku linalopitisha hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa humtoa jasho, na jasho hilo humrudia mwenyewe.